Tamanio kwanza, kikwazo baadaye: namna ya kuweka lengo kwa kupambanisha picha mbili

Ikifika mwezi wa sita, darasa letu la jioni huanza kupungua. Hapa Dodoma huo ndio wakati wa baridi na upepo mkavu, na wale watahiniwa wa kujitegemea walioanza mwaka kwa kasi wanaanza kukosa, leo mmoja, kesho wawili. Nafundisha hesabu za kidato cha nne kwa watu wazima: wauza soko, walinzi, madereva wa bajaji, akina mama wanaorudia mtihani baada ya miaka kumi. Kwa muda mrefu niliwahimiza kwa njia niliyodhani ni nzuri. Niliwaambia wafumbe macho, wajione wameshika cheti, wajione wanaingia chuo. Walitoka wanatabasamu. Wiki mbili baadaye baadhi yao, tena wale waliotabasamu zaidi, hawakuonekana tena.

Kosa langu lilikuwa kuishia nusu ya zoezi. Nusu ya pili niliijua baadaye, kupitia kazi za mwanasaikolojia Mjerumani Gabriele Oettingen, ambaye amefundisha Chuo Kikuu cha New York na cha Hamburg. Mwaka 1991 yeye na mwenzake Thomas Wadden walichapisha utafiti juu ya wanawake 25 wanene waliokuwa kwenye mpango wa mwaka mzima wa kupunguza uzito. Waliotarajia kufanikiwa walipungua zaidi, jambo ambalo halishangazi. La kushangaza ni kwamba waliojichorea picha tamu, wakajiona wembamba na wanapita karibu na chakula bila kutamani, walipungua kilo 11 hivi pungufu kuliko wale ambao picha zao zilikuwa na ugumu ndani yake.

Kutarajia na kujichorea picha tamu ni mambo mawili tofauti. Matarajio yanatoka kwenye yale uliyokwisha kuyafanya: nimewahi kuamka alfajiri, kwa hiyo naweza tena. Picha tamu haihitaji ushahidi wowote. Ukishaiona, mwili unatulia kana kwamba umefika. Katika majaribio ya baadaye, Oettingen na wenzake waliangalia presha ya damu, ile namba ya juu kwenye kipimo, kama dalili ya mwili kujiandaa kwa kazi. Baada ya picha tamu peke yake ilishuka. Watu wenye matarajio mazuri walipoweka picha ya mafanikio kisha picha ya kikwazo, ilipanda.

Huko ndiko kupambanisha kunakozungumziwa hapa. Ni zoezi la dakika kumi hivi, unalifanya ukiwa peke yako, bila kuongea, na kalamu mkononi. Nitalieleza kwa kumfuata mwanafunzi mmoja, mama anayeuza dagaa Soko la Majengo, kwa sababu alinifundisha mimi zaidi ya nilivyomfundisha. Ameniruhusu kusimulia, jina nimeliacha.

Hatua ya kwanza: chagua tamanio la wiki nne

Mama huyu alikuja na tamanio la kupata alama ya C ya hesabu mwezi wa kumi na moja, yaani 45 au zaidi. Mara ya kwanza alipata F. Tamanio zuri, lakini lilikuwa mbali mno kwa zoezi hili. Ukichukua jambo la miezi mitano, kikwazo kinakuwa wingu, huwezi kukishika. Nikamwomba achague kitu ambacho ndani ya wiki nne ataweza kusema nimekifanya au sijakifanya.

Akaandika: *Nimalize mada ya milinganyo ya kipeo cha pili.*

Kabla ya kuendelea nikamuuliza swali ambalo halirukwi: kwa jinsi unavyojijua, ukijipa alama kuanzia sifuri hadi kumi, unaona inawezekana kwa kiasi gani? Akasema saba. Nikamuuliza saba inatoka wapi. Akajibu kwamba mada ya milinganyo rahisi aliimaliza mwezi wa nne akiwa na mgonjwa nyumbani. Hayo ndiyo matarajio yenye ushahidi. Angesema mbili au tatu, ningemshauri apunguze tamanio hadi lifike sita, kwa sababu zoezi hili halimpi mtu matumaini asiyokuwa nayo. Linachukua matumaini yaliyopo na kuyageuza kuwa dhamira. Mwenye matumaini kidogo linamfanya aachie, na hilo nitalirudia mwishoni.

Hakikisha pia tamanio ni lako. Dada mmoja darasani aliandika tamanio la mume wake kwa mwandiko wake mwenyewe, na hakuna picha iliyomjia hata alipofumba macho dakika tano. Picha kutokuja ni dalili ya kuaminika kuliko maneno.

Hatua ya pili: ona jema kuliko yote litakalotokea

Jiulize: hili likitimia, ni kitu gani kimoja kizuri zaidi kitakachofuata? Kimoja. Kiandike kwa maneno manne au matano, kisha weka kalamu chini, fumba macho na ukiangalie. Usiharakishe. Angalia uko wapi, nani yupo, mikono yako inafanya nini, unasikia nini kifuani.

Nilidhani mama wa dagaa ataona cheti. Aliandika: *Nimsaidie mwanangu bila kukwepa.* Binti yake yuko kidato cha pili. Kila jioni anapoleta daftari la hesabu, mama humwambia, "Muulize kaka yako, mimi nimechoka." Picha aliyoiona ni wawili hao wamekaa kwenye mkeka, taa ya sola katikati, binti anauliza, naye anachukua kalamu.

Ipe picha hii dakika mbili au tatu kamili. Watu wengi wa huku kwetu wanaona aibu kukaa na jambo zuri, wanalipitia haraka kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi. Usipoiona vizuri, hatua inayofuata itakuwa kujikatisha tamaa tu. Utamu wa picha hii ndio unaokipa kikwazo maana ya kuwa kikwazo. Bila utamu huo, ni shida nyingine kati ya shida zako.

Hatua ya tatu: geuka ndani, tafuta kinachokuzuia

Hapa ndipo kazi ilipo. Mara tu baada ya picha nzuri, jiulize: ni kitu gani ndani yangu mimi kinachosimama kati yangu na hiki?

Jibu la kwanza karibu kila mara linatoka nje. Mama alisema, "Muda, Mwalimu. Natoka sokoni saa kumi na mbili, nafika Nkuhungu, napika, ndio siku imekwisha."

Sikumbishia, maana ni kweli. Nikamuuliza, "Wiki iliyopita hukupata hata nusu saa?"

Akafikiri. "Jumanne nilipata. Watoto walikula mapema."

"Ukafanya nini?"

"Nilifungua kitabu. Nikafanya swali la kwanza. La pili likanishinda, nikainuka kuchambua dagaa wa kesho."

"Dagaa walikuwa hawajachambuliwa?"

Akanyamaza kidogo. "Walikuwa wamechambuliwa. Nilirudia."

Nikamwambia afumbe macho, arudi kwenye ile Jumanne, kwenye dakika ileile kabla hajainuka, aniambie mwili wake ulikuwaje. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kifua kilibana, masikio yakapata moto, na akamwona mwalimu wake wa kidato cha pili akimwita ubaoni, darasa zima likicheka. Akaandika: *Aibu, swali linaponishinda.*

Mlolongo wa maswali hayo ndio ufundi wote. Muda ulikuwa sababu ya kweli ya siku nyingine, lakini Jumanne muda ulikuwepo na kazi haikufanyika. Kwa hiyo, unapotafuta kikwazo, usijiulize kwa ujumla kwa nini hufanyi. Chukua siku moja ambayo ungeweza kufanya na hukufanya, uifuate dakika kwa dakika hadi pale ulipogeuka. Kikwazo kinakuwa pale pale: hisia, mazoea, au imani fulani juu yako mwenyewe.

Utajuaje umekipata? Kuna dalili tatu nilizozizoea. Ya kwanza, kina wakati wake, yaani unaweza kusema kinakuja saa ngapi na baada ya nini. Neno "uvivu" halina wakati, ni jina tu la kujitukana, na ukiliandika rudi uchimbe tena. Ya pili, unasikia kitu mwilini unapokiangalia. Ya tatu, kinakushangaza kidogo. Mama wa dagaa aliamini kwa miaka kwamba tatizo lake ni kazi nyingi.

Ukishakipata, nacho kipe picha kama ulivyoipa ile nzuri. Fumba macho, kione kinakuja. Dakika mbili.

*Kwa nini mpangilio haugeuzwi*

Wengi wetu tumelelewa kuanza na shida. Mtu anasema, "Sina muda, nina aibu, kichwa kizito, lakini ningependa sana kujua hesabu." Inasikika kama vitu vilevile viwili. Oettingen na wenzake walilipima hilo: watu waliofikiri kikwazo kwanza na tamanio baadaye hawakupata dhamira waliyoipata walioanza na tamanio, hata walipokuwa na matarajio makubwa. Waliofikiri mema peke yake, na waliofikiri shida peke yake, nao hawakupata. Ukianza na aibu, akili inaiona kama hali ya maisha. Ukianza na mkeka na taa na binti anayeuliza, kisha ikaja aibu, akili inaiona aibu ile kama kitu kilichosimama njiani kuelekea kwenye mkeka. Wahenga walikwisha kupanga hivyo: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kitu kimetajwa kabla ya mgongo.

Hatua ya nne: andika sentensi moja ya -ki- na -ta-

Kupambanisha picha kunajenga dhamira, lakini mtu aliyebanwa na kifua saa tatu usiku hakumbuki dhamira. Anahitaji kitu kilichokwisha kuamuliwa. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia mwingine na mume wa Oettingen, ndiye aliyechunguza kwa miaka mingi mipango ya namna hii: hali fulani ikitokea, nitafanya tendo fulani. Kiswahili kimetupa kifaa tayari. Kiambishi -ki- kinabeba "kama" na "pale" kwa pamoja, kwa hiyo sentensi yetu inakuwa fupi na haina shaka: *Niki…, nita….*

Upande wa -ki- unachukua kikwazo chenyewe ulichokiona, kwa dalili yake ya kwanza. Upande wa -ta- unachukua tendo moja dogo unaloweza kulifanya ndani ya dakika moja ukiwa umekaa palepale.

Sentensi ya kwanza ya mama ilikuwa: *Nikisikia aibu, nitajipa moyo.* Haifai. Kujipa moyo si tendo; mtu hawezi kukuona unalifanya. Ya pili ilikuwa: *Nikisikia aibu, nitamaliza maswali yote.* Hiyo ni kumdai mtu aliyezama aogelee hadi ng'ambo. Ya tatu ndiyo tuliyobaki nayo:

*Kifua kikinibana kwenye swali, nitatafuta kitabuni mfano unaofanana nalo na kuunakili mstari wa kwanza.*

Kunakili mstari mmoja hakuhitaji ujasiri. Kalamu inabaki mkononi na mwili hauinuki. Kwa milinganyo ya kipeo cha pili, mstari wa kwanza mara nyingi ni kuhamisha namba zote upande mmoja ili upande wa pili ubaki sifuri. Akishaandika hivyo, swali lake linakuwa limeanza kufanana na mfano.

Aliisoma sentensi mara tatu, akajiona akiifanya, akaiandika ndani ya jalada la daftari. Sikumpa sentensi ya pili. Mipango mitatu kwa mpigo inagombana, na mtu akiwa kwenye joto la jambo lazima achague, wakati tulichotaka ni asichague.

Wiki nne zilivyokwenda

Tulipanga usiku tatu kwa wiki, dakika 40 kila usiku. Asubuhi, kabla ya kupanda daladala, alirudia zoezi lote kwa dakika tano: tamanio, jema, kikwazo, sentensi, kwa mpangilio huo.

Wiki ya kwanza alikaa mara mbili. Ya tatu ilikosekana kwa sababu mtoto alipata homa, na nilimwambia hilo asilihesabu. Homa ya mtoto haikutoka ndani yake, na zoezi hili halikuundwa kumfanya mtu ajilaumu kwa mambo ya Mungu. Siku ya pili kifua kilibana, naye akaniambia kesho yake, "Mwalimu, nilimwona anakuja." Alikuwa anaisema aibu kama mtu. Kauli hiyo ndiyo dalili ninayoisubiri kwa kila mwanafunzi: kikwazo kinapotambuliwa kikiwa bado mlangoni.

Wiki ya pili alikaa mara tatu. Wiki ya tatu akakwama, akakaa mara moja tu, na sentensi haikusaidia. Tukakaa tena, tukafuata usiku mmoja dakika kwa dakika. Aibu haikuwepo safari hii. Alikuwa amekaa na kitabu, akamwona mama mkwe anaosha vyombo peke yake, akahisi anaiba muda wa nyumba. Hicho ni kikwazo kipya, na ni kawaida: cha juu kikitoka, cha chini kinaonekana. Akaandika upya: *Nikijisikia mwizi wa muda, nitamwambia mama, "Naomba hadi saa tatu na nusu."* Mama mkwe alimjibu kwamba alikuwa hajui kama anasoma. Alidhani anapiga hesabu za dagaa.

Mwisho wa wiki ya nne alikuwa amefanya mazoezi ya mada yote isipokuwa yale ya mafumbo ya maneno, ambayo kwa kweli ni magumu kwa kila mtu. Nilimpa maswali kumi, akapata sita. Binti yake alikuwa amekwisha kukaa naye kwenye mkeka mara mbili.

Inapokosea, na pasipofaa

Kosa ninaloliona zaidi ni zoezi kugeuka orodha. Mtu anajaza mistari minne kwa dakika moja kama anajaza fomu, halafu anasema haikufanya kazi. Maneno ni vishikio tu. Kazi inafanywa na macho yaliyofumbwa. Kama hukusikia chochote kwenye picha ya hatua ya pili wala ya tatu, hukufanya zoezi, umeandika tu. Pima hivi: ndani ya siku ileile, kuna jambo dogo ulilolifanya ambalo hukulipanga? Mama wa dagaa, jioni ya siku ya kwanza, alinunua betri ya taa bila kuambiwa na mtu. Hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa kuonekana.

Kuna hali ambazo usilitumie. Ukiwa unasubiri jambo ambalo limetoka mikononi mwako, majibu ya mtihani uliokwisha kufanywa au ndugu aliyeko chumba cha upasuaji, picha tamu peke yake inakufaa zaidi. Inakusaidia kuvuka usiku. Na mtu ambaye huzuni imemkalia kwa wiki nyingi, hali wala halali, asikae peke yake akichimba vikwazo. Aende hospitali akaonane na mtaalamu.

Nimesema nitarudia habari ya kuachia. Mlinzi mmoja wa darasa langu alitamani kupanda zabibu nusu eka nyuma ya nyumba yake, kama anavyoona Hombolo na Makutupora. Jema aliliona vizuri sana: anavuna mara mbili kwa mwaka, anaacha lindo la usiku. Alipofika kwenye kikwazo, kila alipochimba ndani yake alikuta utulivu, hana hofu wala uzito. Kilichokuwepo ni maji. Mvua zetu zinakuja Desemba na kuondoka Aprili, mzabibu unataka kumwagiliwa miezi iliyobaki, na yeye ananunua maji ya ndoo. Nikamwomba ajipe alama sifuri hadi kumi tena. Mwanzo alikuwa amesema nane. Sasa akasema mbili.

Akalifunga daftari, akanyamaza. Nilidhani nimemvunja moyo. Kisha akaniambia kwamba shamba hilo la kichwani amelilima miaka minne, na kila mwaka limemzuia kufikiria jambo jingine. Wiki iliyofuata alikuja na tamanio jipya la wiki nne, la alizeti kwenye shamba la baba yake Kongwa, kazi inayokwenda na mvua zilizopo: kusafisha shamba kabla ya Desemba. Alijipa saba. Kikwazo chake kilikuwa kumpigia simu kaka ambaye hawajaongea tangu msiba wa baba yao, na sentensi yake ilianza na *Nikishika simu*.